Tupeane uzoefu: "karne" ikisomwa "kame", 8 ikisomwa B, mlizirekebishaje?

MjukuuWaKarani:
Wakuu, habari za jioni. Marehemu babu alikuwa karani, akatuachia sanduku zima la magazeti na vitabu vya zamani. Tangu mwezi wa Ramadhani napiga skani ukurasa mmoja mmoja, kisha natumia Tesseract yenye data ya Kiswahili (`-l swa`) kugeuza picha kuwa maandishi. Inasoma vizuri kuliko nilivyotegemea. Ila makosa yake si ya kubahatisha, ni yale yale kila ukurasa: "meza" inatoka "mcza", "mgeni" inatoka "mqeni", na "karne ya 19" inatoka "kame ya 19". Kurasa zimeshapita mia sita, macho yananiuma. Aliyewahi kusafisha kitu kama hiki anipe njia aliyopita, hata kama alianguka njiani.

KodiYaUsiku:
Rahisi tu mkuu. Tafuta orodha ya maneno ya Kiswahili, ile ya sw_TZ ya LibreOffice ipo bure. Kila neno lisilokuwemo, badilisha kwa lililo karibu nalo zaidi. Dakika kumi umemaliza.

ShangaziWaMaktaba:
Mwanangu KodiYaUsiku, hizo dakika kumi mimi zilinigharimu wiki tatu. Kiswahili hakikai chote kwenye orodha. Kamusi ina "lipa", lakini kwenye maandishi utakutana na alimlipia, wakamlipisha, hatukulipwa, mlizolipiwa, na hakuna orodha itakayoyamaliza. Nilikuwa nasafisha kijitabu cha kumbukumbu ya mwalimu mmoja. Kilisema "alimlipia karo mpwa wake". Mashine ilikuwa imesoma sawasawa kabisa. Orodha yangu haikuwa na "alimlipia", ilikuwa na "alimlipa", tofauti ya herufi moja, basi ikabadilisha. Familia ndiyo iliyoniuliza kwa nini mwalimu alimlipa mpwa wake. Yaani neno zima niliharibu mimi mwenyewe kwa mkono wangu.

Tangu siku hiyo nina sharti: neno liguswe tu kama halimo kwenye orodha, NA badiliko lenyewe liwe mojawapo ya yale ninayojua mashine hukosea (c na e, q na g, rn na m), NA matokeo yawe neno lililomo. "alimlipia" kwenda "alimlipa" ni kufuta herufi i. Mashine yangu haina tabia hiyo, kwa hiyo haliguswi.

MjukuuWaKarani:
Hizo tabia za mashine ulizijuaje? Ulikisia?

ShangaziWaMaktaba:
Sikukisia. Chukua kurasa nne au tano za chapa ile ile, zisahihishe kwa jicho neno kwa neno, kisha linganisha na kilichotoka kwenye mashine na uhesabu nini kimegeuka nini. Kwangu jozi tano tu zilibeba karibu mzigo wote. Ukihamia kitabu cha chapa nyingine, hesabu upya. Kuna kitabu kimoja h zote ziligeuka b kwa sababu wino ulikuwa umevuja. Kitabu kilichofuata, hakuna hata moja.

FundiWaNgamiani:
Mimi nitatetea Kiswahili chetu hapa, kwa sababu kinasaidia kuliko Kiingereza. Katika tahajia sanifu herufi c haikai peke yake, lazima ifuatwe na h. Q na x hazina kazi. Na neno la Kiswahili huishia na irabu. Kwa hiyo hata bila kamusi unaweza kumkamata mwizi mlangoni. Mimi huanza na hii:

```
grep -noP '\b\w*c(?!h)\w*\b' ukurasa.txt
```

Inakutolea kila neno lenye c isiyofuatwa na h, pamoja na namba ya mstari. "mcza", "pcsa", "watcja", zote zinajipanga foleni. Angalia pia upande wa pili, pale c inapogeuka e: "ehakula", "ehama". Neno linaloanza na "eh" likifuatwa na irabu, mara nyingi ni ch.

Usibadilishe kwa mkupuo bila kutazama lakini. Majina ya watu na ya mahali hayafuati sheria hii. Mimi nilipata "Vietoria" mara mbili, kwa sababu kanuni yangu iliona c ikifuatwa na t ikaona ni e. Na ile ya kuishia na irabu itakukamatia "Dar es Salaam" kila inapotokea. Herufi kubwa mwanzoni mwa neno, weka kando uisome mwenyewe.

BintiMvumilivu:
Hata mimi hii inanitesa! Nikiandika "nipo njiani" simu inaweka "nips". Juzi nimemtumia mkwe ujumbe wa ajabu. Mnaizimaje?

FundiWaNgamiani:
Dada, hiyo ni kibodi ya simu inayokukisia unapoandika. Sisi tunaongelea picha ya maandishi iliyosomwa na mashine. Nenda kwenye mipangilio ya kibodi, uzime marekebisho ya kiotomatiki. Mkwe muombe radhi tu.

ShangaziWaMaktaba:
Turudi kwenye "kame" ya MjukuuWaKarani, maana hapo ndipo kamusi inaponyamaza. "Kame" ni neno halali: nchi kame, ardhi kame. Kamusi itakwambia hakuna kosa. Na ukiamua kwa hasira kwamba kila m inayotia shaka ni rn, utapata "ardhi karne". Hapa kinachoamua ni jirani wa neno. Mwanzo niliandika kanuni kwamba "kame" ikifuatwa na "ya" au "za" iwe "karne". Ikaenda vizuri mpaka nikafika kwenye habari za ukame: "sehemu kame ya kaskazini" ikawa "sehemu karne ya kaskazini". Nikaibana zaidi, nikataka tarakimu ifuate:

```
sed -E 's/\bkame (ya|za) ([0-9])/karne \1 \2/g'
```

Hii haijanidanganya mpaka leo. Yale ya "kame ya ishirini" niliongeza orodha fupi ya maneno ya hesabu. "Kame iliyopita" na "kame nyingi" nayasoma kwa macho, hayazidi machache kwa kitabu. Sioni sababu ya kuandika kanuni kwa kitu kinachotokea mara tatu.

MjukuuWaKarani:
Shangazi, Mungu akupe umri. Nimejaribu sasa hivi, imekamata 41, zote karne kweli. Ila nimeona balaa kubwa zaidi. Pale chapa ilipofifia, "ni" inasomwa "m". Barua ya msomaji inasema "mlipofika Korogwe mliona", na kwenye picha ni "nilipofika Korogwe niliona". Maneno yote mawili yako sawa kwa kamusi na kwa sarufi!

ShangaziWaMaktaba:
Hilo sina dawa yake kamili. Ninachofanya ni kuangalia aya nzima: kama kuna "yangu", "mimi", "nika-" na hakuna "ninyi" wala "yenu", basi neno la "mli-" au "mme-" naliwekea alama. Alama tu, silibadilishi. Maana mwandishi wa barua anaweza kujisimulia halafu akawageukia wasomaji katikati ya aya.

MlinziWaGeti:
Mimi maktaba siijui, yangu ni namba za magari. Tulifunga kamera kwenye maegesho. Gari la Tanzania ni T, tarakimu tatu, herufi tatu. Kamera ikileta "T I28 D8C", najua nafasi ya pili hadi ya nne ni tarakimu, kwa hiyo I ni 1, na baada ya hapo ni herufi, kwa hiyo 8 ni B. Inakuwa T 128 DBC. Kazi safi, kamusi haihitajiki.

Tulichokosea ni kuilazimisha kanuni hiyo kwa kila gari. Gari la Kenya lina herufi tatu, tarakimu tatu, herufi moja. KDB 128C ikipitishwa kwenye kanuni ya T, ile B inajikuta kwenye nafasi ya tarakimu na kugeuzwa 8, na hilo gari hulipati tena kwenye daftari. Pikipiki nazo zinaanza na MC. Sasa tunatambua kwanza ni sampuli gani, ndipo tunarekebisha. Isiyolingana na sampuli yoyote inaachwa ilivyo, mlinzi anaangalia picha. Na kanuni hii haikusaidii pale 8 inaposomwa 3, zote ni tarakimu, nafasi haina la kusema.

KodiYaUsiku:
Kwa namba, dawa ni tarakimu ya ukaguzi. Nilifanya kazi ya kusoma ile mistari miwili ya chini ya pasipoti. Unazidisha kwa 7, 3, 1 kwa zamu, unajumlisha, unachukua tarakimu ya mwisho, unailinganisha na ile iliyochapwa baada ya namba hiyo. Tarehe 850318 inatoa 56+15+0+21+3+8, jumla 103, ukaguzi ni 3. Mashine ikisoma 850378 jumla inakuwa 121, ukaguzi 1, umeikamata. Kosa la alama moja haliponi hapo.

FundiWaNgamiani:
Kwenye tarehe uko sahihi, kwa kuwa ni tarakimu tupu. Kwenye namba ya pasipoti yenyewe, ambako herufi zinaruhusiwa, si kweli. Herufi huhesabiwa A 10, B 11 na kuendelea. G ni 16. Ukiitazama tarakimu ya mwisho tu, 16 na 6 ni kitu kimoja, kwa hiyo G ikisomwa 6 ukaguzi unapita kama hakuna kilichotokea. S ni 28, nayo inapita ikisomwa 8. O na 0 inakamatwa, B na 8 inakamatwa. Yaani jozi hizi mbili zinazofanana kwa macho zinapenya.

KodiYaUsiku:
Aisee. Ngoja nikapige hesabu.

Nimepiga. Uko sahihi. Kuna faili fulani inabidi niifungue tena kesho asubuhi.

MkulimaMsomi:
Sisi tulikuwa na daftari za ushirika wa kahawa, zimepigwa taipu zamani. Hakukuwa na tarakimu ya ukaguzi, lakini kila mstari una kilo, bei na jumla. Mashine ikasema kilo 43, bei 1,250, jumla 60,000. 43 mara 1,250 ni 53,750, haifiki. Tukajaribu jozi zinazochanganywa: 48 mara 1,250 ni 60,000 kamili. Kuna mistari haikukaa sawa hata kwa kujaribu kila jozi. Tulipofungua picha, karani ndiye aliyekosea hesabu miaka hiyo. Hiyo tuliiacha kama alivyoandika, deni si letu.

MjukuuWaKarani:
Hapo umenigusa, kwa sababu vitabu vingine vya babu ni vya kabla ya Kamati ya Lugha ya 1930, vinaandika "khabari". Kamusi inataka kunifanyia "habari".

ShangaziWaMaktaba:
Usiikubalie. Hilo si kosa la mashine, ndivyo lilivyochapwa. Tengeneza orodha ya pili ya maneno ya kizamani kutoka kwenye zile kurasa ulizosahihisha kwa mkono, uiunganishe na kamusi kabla hujaendesha chochote. Na faili asilia, ile iliyotoka kwenye mashine kabla ya kanuni, usiifute.

MjukuuWaKarani:
Ile ya kurasa mia mbili za mwanzo nimeshaandika juu yake. Nasomesha upya usiku huu. Aliyepata njia ya "ni" na "m" atuwekee hapa.