Naomba ushauri: Kubadili "Net 45" iliyo kwenye picha ya ankara iwe tarehe ya kulipa

Mtunza_Leja (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za kazi. Ninatunza hesabu za duka la vipuri vya magari hapa Arusha. Wauzaji wetu wako Dubai, India na Marekani, na karibu wote hututumia ankara kama picha kwa WhatsApp. Juu huwa na tarehe, na chini, kwa herufi ndogo, huandikwa "Net 45", "Net 30" au "2/10 Net 45". Mimi husoma picha, huhesabu kwa kalenda ya ukutani, kisha huandika siku ya kulipa kwenye Excel.

Mwaka 2025 utaratibu huu ulinitia aibu. Ankara ya Marekani iliyoandikwa 04/07/2025 niliiweka kwenye jedwali, likaniambia nilipe tarehe 18 Agosti, lakini mwenye mali alianza kunidai tangu tarehe 22 Mei. Zaidi ya hapo, nina ankara nyingine ya tarehe 12/03/2025 kutoka Dubai ambayo hadi leo sina hakika kama hesabu yake niliifanya sawasawa. Ninaomba kuelekezwa namna ya kutoka kwenye picha hadi kwenye kalenda ya malipo bila kubahatisha.

Kipanga_Mwanza

Ndugu, usijitese. Siku 45 ni mwezi mmoja na nusu, kwa hiyo ya tarehe 12 Machi inaangukia tarehe 27 Aprili. Ikiwa siku hiyo ni ya mapumziko, inasogea yenyewe hadi Jumatatu, na hakuna mtu atakayekudai Jumapili.

MamaVitenge_Tanga

Mimi yamenikuta hayo hayo. Wateja huchukua vitenge kwa ahadi ya siku 30, zinafika 60 na simu hawapokei. Naomba kujua mnawadai vipi watu wa namna hii bila kuvunja undugu.

Mzee_wa_Daftari

Mama, shida yako ni ya kudai na ya mwenzetu ni ya kulipa, kwa hiyo naomba ufungue uzi wake tuje tukusaidie huko. Kipanga amekaribia, lakini ukihesabu siku badala ya miezi utaona kwamba kutoka tarehe 12 Machi hadi 31 zimepita siku 19, zinabaki 26, na jibu ni tarehe 26 Aprili. Siku ya ankara yenyewe haihesabiwi. Siku ya kwanza ni kesho yake.

Kosa la ankara ya Marekani halikuwa la kuhesabu, lilikuwa la kusoma. Wamarekani hutanguliza mwezi, kwa hiyo 04/07 kwao ni tarehe 7 Aprili, na siku 45 baadaye ni tarehe 22 Mei, kama ulivyodaiwa. Excel yako, iliyopangwa kutanguliza siku, iliipokea kama 4 Julai bila kulalamika. Ingekuwa 04/17/2025 ingekwama, kwa sababu hakuna mwezi wa 17. Ingebaki kama maandishi tu na kuegemea upande wa kushoto wa kisanduku, ilhali tarehe halisi huegemea kulia. Kwa hiyo ukiona kwenye safu moja tarehe nyingine zimeegemea kushoto na nyingine kulia, usirekebishe zile za kushoto peke yake, kwa maana zile za kulia ndizo zilizogeuzwa kimyakimya.

Dawa yake ni kutoiandika tarehe kama ilivyo. Angalia kwanza ankara imetoka nchi gani, kisha andika siku, mwezi na mwaka katika safu tatu tofauti (B, C na D), idadi ya siku za muda katika E, na siku picha ilipokufikia katika safu nyingine. Hesabu iachie Excel:

```
=DATE(D2,C2,B2)+E2
```

Ile safu ya siku ya kupokea picha ndiyo mlinzi wako. Picha iliyokufikia mwezi wa Aprili haiwezi kuwa na ankara ya Julai; ungeiona siku hiyo hiyo. Tena waombe wakutumie picha kama faili la hati, kwa maana WhatsApp hubana picha za kawaida, na herufi ndogo za chini ndizo hufifia kwanza.

Mtunza_Leja

Mzee, nimekuelewa vizuri. Sasa tarehe 26 Aprili 2025 ilikuwa Jumamosi na pia Siku ya Muungano. Je, inasogea hadi Jumatatu kama alivyosema Kipanga?

Mzee_wa_Daftari

Inasogea ikiwa mlikubaliana hivyo kwa maandishi. Kama hamkukubaliana, rudi nyuma, usiende mbele. Pia fedha hazifiki siku unayozituma, kwa hiyo kalenda inahitaji tarehe mbili: siku ya mwisho na siku ya kwenda benki. Weka sikukuu zetu kwenye orodha, uipe jina Sikukuu, na ikiwa siku ya mwisho iko F2, andika:

```
=WORKDAY(F2+1,-4,Sikukuu)
```

Hiyo hurudi kwanza hadi siku ya kazi iliyo karibu, yaani Ijumaa tarehe 25, kisha hutoa siku tatu nyingine za kazi na kukupa Jumanne tarehe 22. Sasa weka -5 uone: inaruka hadi Alhamisi tarehe 17, kwa sababu kati yake kuna Ijumaa Kuu, mwisho wa wiki na Jumatatu ya Pasaka. Siku moja tu ya ucheleweshaji wa benki imekula siku tano za kalenda. Idd uiongeze kwenye orodha mara tu inapotangazwa.

Dada_Mizani

Naongeza kuhusu "2/10 Net 45". Hiyo ni ankara moja yenye tarehe mbili, na ukiandika 45 peke yake unapoteza punguzo la asilimia 2 linalotolewa kwa anayelipa ndani ya siku 10. Kwa ankara ya dola 4,500 ya tarehe 12 Machi, kuna dola 90 zinazosubiri hadi tarehe 22 Machi, nayo ilikuwa Jumamosi. Ipe punguzo mstari wake kwenye kalenda. Kulipa siku 35 mapema ili upate asilimia 2 ni sawa na riba ya takribani asilimia 21 kwa mwaka, kwa hiyo linganisha na riba ya mkopo wa benki yako kabla ya kuliacha.

Mtunza_Leja

Asanteni sana. Nimezipitia upya ankara zote na nimekuta nyingine tatu za Marekani zilizogeuzwa. Imebaki moja ya India, nayo pia ni ya tarehe 12 Machi 2025, iliyoandikwa "Net 45 EOM" bila maelezo.

Mzee_wa_Daftari

Hapo hata wahasibu hawakubaliani. Anayehesabu siku 45 kwanza kisha akaenda mwisho wa mwezi hupata tarehe 30 Aprili. Anayeanza mwisho wa mwezi wa ankara, yaani 31 Machi, hupata tarehe 15 Mei. Mimi huandika ile ya mapema kwenye kalenda hadi muuzaji ajibu kwa maandishi.

Dada_Mizani

Mimi ningeandika ya Mei, Mzee. Yeye ndiye aliyeandika maneno yenye utata. Kwa nini mnunuzi aachilie fedha zake siku 15 kabla?

Mtunza_Leja

Nimemwandikia muuzaji na kumwomba ataje tarehe yenyewe kwa siku, mwezi na mwaka. Hadi sasa amejibu "sawa" tu.