Utumishi wameweka 60, mafundi wazuri wamekatwa kwa swali moja lenye jibu la uongo

Wakuu, nina hasira, mnivumilie.

Idara yangu inatafuta mafundi wawili wa pampu na mota. Waombaji walipewa mtihani wa mchujo wa maswali 25 ya kuchagua, kila swali alama 4. Watu wa utumishi wakaamua mapema kwamba chini ya 60 hakuna kuitwa kwenye usaili. Walifanya watu 41, wakapita 7, nikaletewa majina hayo saba tu, eti ndio bora.

Saba, na tulitenga nafasi 12 za usaili! Nikaomba orodha nzima. Nikazungushwa wee, mwishowe nikapewa. Kwenye 56 wamerundikana watu tisa. Sasa pigeni hesabu: 60 ni maswali 15, 56 ni maswali 14. Kila swali lina majibu manne, kwa hiyo hata anayebahatisha ana bahati moja kati ya nne. Fundi yuleyule mpe karatasi nyingine ya ugumu uleule kesho, atapanda au kushuka maswali mawili matatu bila kujifunza wala kusahau chochote. Halafu mtu anakata kati ya 14 na 15 na kusema hapa ndipo ubora unapoanzia.

Kilichonipandisha presha hasa ni swali la 18. Mota ya fezi tatu inazunguka kinyume, ufanyeje? Karatasi ya kusahihishia inasema B, hamisha nyaya zote tatu. Jamani! Zikihama zote tatu, mfuatano wa fezi unabaki uleule na mota inazunguka kulekule. Unabadilishana mbili tu, zozote. Hilo ni D. (Na pampu ikizunguka kinyume bado inatoa maji, ila kidogo, kwa hiyo asiyejua huiacha hivyohivyo na kulaumu bomba.)

Kati ya wale tisa wa 56, sita walijibu D. Wamekatwa kwa sababu wanaijua kazi. Kwa waliopita, wawili wenye 60 kamili walijibu B, likisahihishwa wao ndio wanashuka.

Na hakuna ambaye angegundua. Tungehoji saba, tungeajiri wawili, ripoti ingeandikwa mchujo umekwenda vizuri. Aliyekatwa hafuatiliwi na mtu.

Bomba Kavu: Mkuu mbona rahisi, shusheni iwe 50 yaishe.

Mleta uzi: 50 haipo kwenye mtihani huu, ni 48 au 52. Nikichukua kuanzia 52 wanakuwa 24, siwezi kuwahoji wote, na swali la 18 bado linakula watu.

Kijana wa Saiti: Mimi walitaka GPA 3.5, nina 3.4. Mfumo ukanitupa hata sijafika sehemu ya kujaza uzoefu. Rafiki yangu ndiyo kichekesho, cheti chake kina asilimia, kaacha kiboksi cha GPA wazi, mfumo ukasoma sifuri.

Mpangaji: Nafasi bado zipo mkuu? CV nilete wapi? Nina leseni ya udereva pia.

Bi Mchujo: Nimesimamia usaili miaka mingi, mtoa mada ana hoja ila utumishi nao wasikilizwe. Ukibadilisha mstari baada ya kuona majina, kesho utaambiwa ulimshushia shemeji yako. Ndiyo maana sisi hatutangazi namba, tunatangaza utaratibu: wataitwa 12 wa juu, pamoja na wote waliofungana na wa 12. Hapo mtihani ukiwa mgumu hauui watu, na majina yanafunikwa mpaka orodha ikamilike. Kabla ya hapo tunapitia swali moja moja. Ukiona wenye alama za juu wanalikosa swali ambalo wa chini wanalipata, usikimbilie kuwalaumu watahiniwa, kamwite fundi asome jibu lenu. Hilo la 18 lingenaswa siku ileile.

Bomba Kavu: Lakini si bado kuna mstari? Wa 13 naye atalia.

Bi Mchujo: Atalia, ndiyo. Mstari hauepukiki nafasi zikiwa chache. Ila wa kwako mtoa mada una njia: kusahihisha jibu la uongo si kuhamisha 60. Sahihisheni karatasi zote 41 upya, muite waliofika.

Mleta uzi: Utumishi wanasema wale wawili wa B wameshapata barua za kuitwa.

Bi Mchujo: Barua zisifutwe. Kosa ni lenu, waje.

Mleta uzi: Basi ni saba na sita, 13. Nafasi ya kumi na tatu nitailipia muda wangu wa chakula cha mchana. Nimewaandikia tangu asubuhi, wananijibu eti "suala linashughulikiwa", na usaili ni Jumatatu!