Tupeane uzoefu: mliotoka jeshini au polisi mkawa mameneja wa usalama, kazi yenu ya zamani mliielezaje kwa raia?

Mstaafu wa Likoni
Salaam nyote. Nimemaliza utumishi jeshini mwaka jana nikiwa Sinia Sajenti. Yadi moja ya makontena upande wa Changamwe inatafuta meneja wa usalama, na jirani yangu anayefanya kazi pale kaniambia nipeleke wasifu. Nimeandika: "Sinia Sajenti, kwotamasta wa kombania, gadi komanda, mkufunzi wa silaha ndogo, nimeshiriki operesheni." Binti yangu kasoma kisha kaniuliza, "Baba, kwani hasa ulikuwa unafanya nini?" Sitafuti mtu wa kunitungia. Nataka waliopita njia hii waseme waliandika nini, na waliowahoji waliwabana wapi.

Koplo Mzima
Afande, cheo kiandike juu kabisa, kabla hata ya elimu. Mimi niliingia hoteli moja ya Shanzu kwa cheo tu. Meneja mkuu aliona "Koplo" akaniuliza nilikuwa kikosi gani, tukapiga soga, nikapewa kazi. Ukikificha watadhani ulifukuzwa.

Mama Yadi
Koplo amesema kweli, lakini nusu yake. Nadhani huyo meneja mkuu mwenyewe alipitia jeshini, sivyo? Kwa mtu kama huyo cheo kinajieleza. Mimi nilikuwa Inspekta wa polisi, sasa nasimamia usalama wa maghala kwa miaka kadhaa, na maombi ya kazi hupita mezani kwangu kabla hayajafika kwa mwenye mali. Mwenye mali ni mfanyabiashara. Akisoma "Sinia Sajenti" hajui kama uliongoza watu kumi au elfu.

Mstaafu, nijibu haya kwanza. Kombania yenu ilikuwa na watu kama wangapi? Stoo ilikuwa na nini? Na kitu kikipotea, nani aliulizwa?

Mstaafu wa Likoni
Watu kama mia na ishirini. Sare, mahema, redio, jenereta, vyakula, na vingine sitavitaja hapa. Kila kitu kilitoka kwa sahihi na kurudi kwa sahihi. Tulihesabu kila mwezi, na ofisa mpya akiingia tulihesabu upya vyote mbele yake. Kikipotea niliulizwa mimi. Nilikuwa na wasaidizi wanne.

Mama Yadi
Basi wasifu wako ndio huo, ila umeuacha nje. Andika hivi:

"Nilikuwa na dhamana ya vifaa vyote vya kitengo cha watu wapatao 120. Nilipokea, niligawa kwa sahihi, nilihesabu kila mwezi na kupeleka hesabu kwa ofisa wa juu. Nilisimamia wasaidizi wanne. Kila upotevu nilitakiwa kuueleza kwa maandishi."

Mwenye yadi akisoma hapo anajiona mwenyewe, kwa sababu maumivu yake ni hayo hayo. Kontena linaingia getini, mtu anaandika namba yake na namba ya sili, mwingine analitoa wiki mbili baadaye, na katikati hapo mali inapungua bila mtu wa kuulizwa.

Gadi komanda nayo ifungue: ulipanga zamu, ulikagua walinzi kabla hawajaingia lindoni, ulizunguka usiku bila kutoa taarifa, na zamu ilikabidhiwa kwa maandishi. Ukufunzi wa silaha ubadilishe uwe ukufunzi: umefundisha makundi ya ukubwa gani, na ulijuaje kwamba wameelewa. Yadi haina haja na bunduki yako.

Juma Mtwapa
Hapo kwenye bunduki, naomba kuuliza. Mimi bado niko polisi, nakaribia kutoka. Nikiwa meneja wa usalama naruhusiwa kubaki na bastola kazini? Na cheti cha maadili mema naanzia wapi?

Mama Yadi
Kaka Juma, hayo ni ya mada nyingine, lakini kwa ufupi: silaha ya serikali unairudisha siku unayotoka, na walinzi wa kampuni binafsi hapa Kenya hawabebi bunduki. Pesa za benki zikisafirishwa ukaona bunduki, wanaoibeba ni polisi wa kusindikiza. Cheti hutolewa na DCI, maombi unaanzia eCitizen. Na ukiingia kampuni ya ulinzi, sheria ya ulinzi binafsi ya mwaka 2016 inataka mlinzi asajiliwe. Uinspekta wangu haukunisamehe hilo.

Dada wa Dawati
Mimi nilikuwa konstebo, miaka mingi dawati la kuripotia, kwa hiyo nilidhani kuandika tukio ni kazi ninayoiweza nikiwa nimelala. Kwenye usaili wakanipa kisa: sili ya kontena imekatwa usiku, andika taarifa. Nikaandika kama kwenye OB, kile kitabu cha matukio cha kituo: "Saa 8:15 usiku watu wasiojulikana wamevunja kontena na kuiba. Eneo limetembelewa. Uchunguzi unaendelea."

Mzee aliyekuwa ananihoji akasoma akanirudishia. Akasema, "Bibie, hapa sijui nimepoteza nini, sijui imewezekanaje, na sijui leo usiku nifanye nini." Akanipa nafasi ya pili. Nilichoandika ni kama hiki:

"Doria ilipita safu ya nyuma saa 7:40 usiku na sili ilikuwa nzima. Iliporudi saa 8:15 ilikuta imekatwa. Kwa hiyo limefanyika ndani ya dakika 35. Kamera ya kona hiyo ilikuwa imezibwa na kontena lililopangwa jioni. Kitabu cha geti hakionyeshi gari lililotoka kati ya saa hizo. Kiasi kilichoibwa hakijajulikana, kitahesabiwa asubuhi mbele ya mwenye mzigo na wakala wake. Kontena halijaguswa tena. Polisi walipigiwa saa 8:30. Mlinzi mmoja amesimamishwa pale mpaka kamera ihamishwe."

Ukisoma hiyo unaona mwenyewe pa kuanzia. Gari halikutoka, basi ama mzigo bado uko ndani ya yadi, ama umepitia ukutani, ama kitabu cha geti kinadanganya. Nilipata kazi. Kitu kilichonisaidia kutoka polisi ni mazoea ya kuandika saa kila mara. Yale ya "watu wasiojulikana" niliyaacha kituoni.

Nyongeza kwa polisi wenzangu: usijaze wasifu kwa idadi ya washukiwa uliokamata. Ukivua sare unabaki na mamlaka ya kukamata ya raia yeyote, ambayo ni finyu kuliko ya polisi, na uliyemkamata unatakiwa kumkabidhi kwa polisi bila kuchelewa. Mwenye kampuni akiona unajisifia ukamataji, anaona kesi ya kushtakiwa inamjia.

Koplo Mzima
Dada umenena. Lakini nyie mnaandika sana. Kwenye ulinzi raia anataka jibu fupi. Mimi niliulizwa geti moja linahitaji walinzi wangapi, nikajibu wawili: mmoja mchana, mmoja usiku. Wakaridhika.

Mama Yadi
Wawili ndio utakaowaona ukipita barabarani, Koplo. Hebu tupige hesabu. Geti la saa 24 lina saa 168 kwa wiki. Amri ya mishahara ya kazi za ulinzi inaweka wiki ya kawaida kuwa saa 52. Gawa 168 kwa 52, unapata watatu na kitu. Wawili wako wanafanya saa 84 kila mmoja bila siku ya kupumzika.

Sasa yadi ya Mstaafu. Tuseme ina mageti mawili na doria moja, yaani malindo matatu. Hizo ni saa 504 kwa wiki, ukigawa unapata karibu watu kumi, kabla hujamweka wa likizo na mgonjwa. Mwenye yadi amezoea kuona sita. Tofauti ya kati ya sita na kumi lazima ilipwe: ama kwa ovataimu, ama kwa mlinzi anayesinzia saa tisa za usiku. Swali hilo huulizwa wanajeshi makusudi, kwa sababu kambini watu walikuwepo tu, hukuwahi kuwalipia.

Koplo Mzima
Lakini mama, kampuni nyingi mji huu zinaendesha kwa wawili wawili. Ukienda na kumi yako utaambiwa wewe ni ghali.

Mama Yadi
Kweli, utaambiwa, na wapo walionyimwa kazi kwa hesabu hiyo. Mimi bado naipeleka. Akitaka sita, aandike yeye kwamba ameambiwa.

Baharia Mtongwe
Mimi naleta cha kwangu, ingawa sikufaulu. Nilitoka jeshi la majini. Nilihojiwa na kampuni moja karibu na Shimanzi. Wasifu ulikuwa safi, wa lugha nyepesi. Walinibana mahali pengine: "Mlinzi amekataa kuhamia lindo la nyuma, utafanyaje?" Nikasema nitamwamuru. Wakatazamana. Kumbe walinzi pale si waajiriwa wao, ni wa kampuni ya nje iliyopewa kandarasi. Meneja hana askari hata mmoja. Ana mkataba, ana maagizo ya lindo yaliyoandikwa, na ana simu ya supavaiza wa kampuni ile. Mlinzi akikataa, unamwita supavaiza wake, unaandika, na mwisho wa mwezi lindo lililokosa mtu linakatwa kwenye ankara kama mkataba unasema hivyo. Kwa hiyo Mstaafu, kabla ya usaili uliza walinzi wa yadi hiyo ni wa nani.

Na ile "nimeshiriki operesheni" mimi ningeitoa. Wataanza kukuchimba. Sisi tuliapa.

Dada wa Dawati
Mimi sioni ubaya kutaja nchi na mwaka. Kila mtu anajua jeshi letu liliingia Somalia mwaka 2011. Asitaje kambi, idadi wala vifaa.

Baharia Mtongwe
Tutofautiane hapo, dada. Mimi hata mwaka siandiki.

Mstaafu wa Likoni
Ahsanteni sana. Nimeandika upya: stoo kwanza, zamu za pili, ukufunzi wa tatu. Operesheni nimeitoa. Cheo nimekiweka chini pamoja na miaka ya utumishi na namba ya cheti cha kuachishwa. Walinzi nimeulizia, ni wa kampuni ya nje, kama alivyosema Baharia. Kesho jirani ananiombea ruhusa niingie kuyaona malindo.

Koplo Mzima
Cheo juu, afande. Mimi sibadiliki.

Mama Yadi
Ukiingia, usiishie kuhesabu mageti. Uliza usiku karatasi za kutolea mzigo zinafungiwa wapi na ufunguo anabaki nao nani. Na mwangalie mlinzi wa geti kama anaisoma namba ya sili kwenye mlango wa kontena, au anainakili kutoka kwenye karatasi ya dereva.