Mteja akivunja mkataba, muuzaji arudishe kamisheni aliyokwisha kula?

Muuza Mifumo
Wakuu, nimepewa mkataba wa kuuza mfumo wa kompyuta ambao wateja hulipia mwezi kwa mwezi kwa mkataba wa mwaka. Mshahara wa msingi upo ila mdogo. Tageti ya robo mwaka ni milioni 50. Kamisheni ni 8% hadi tageti, na kinachozidi hapo ni 12%. Kinachonikwaza ni kifungu kimoja: mteja akiondoka kabla ya miezi 12, "kamisheni husika itarudishwa". Hii ni haki kweli? Nisaini?

Jasho Halirudi
Usisaini. Kamisheni ni jasho lako, na iliyolipwa imelipwa. Hakuna sheria duniani inayomruhusu mwajiri kuingiza mkono mfukoni mwa mtu. Wakikukata nenda mahakamani, utashinda kabla jua halijapanda.

Mwajiri Mdogo
Ni rahisi kusema hivyo kama si wewe unayelipa. Mimi ninaajiri wauzaji. Robo mwaka inapokaribia kuisha na mtu bado kidogo avuke tageti, ndipo mikataba ya ajabu inapoingia. Mteja ameahidiwa kitu ambacho mfumo haufanyi, anagundua mwezi wa tatu, anaondoka. Nimeshalipa kamisheni ya mwaka mzima, tena ya 12%, kwa pesa ambayo haikuingia. Bila kifungu hicho muuzaji atajali nini baada ya saini?

Hesabu Kwanza
Mnabishana irudishwe au isirudishwe, na neno hatari mmelipita: "husika". Nimepanga mipango ya namna hii kwa miaka, na ugomvi mwingi huanzia hapo.

Tuchukue tarakimu za mkataba wenyewe. Tuseme robo hii umeuza milioni 70. Milioni 50 za kwanza kwa 8% ni milioni 4. Milioni 20 za juu kwa 12% ni milioni 2.4. Umelipwa milioni 6.4. Katika hizo 70 yumo mteja mmoja wa milioni 24, na anaondoka akiwa amelipia miezi sita tu. Unadaiwa ngapi?

Wakisema mkataba wake unahesabiwa kwa 8%, unarudisha milioni 1.92. Wakimfuta kabisa na kuipiga upya hesabu ya robo nzima, mauzo yako yanashuka hadi milioni 46. Hujafika tageti tena, stahili yako ni milioni 3.68, kwa hiyo unarudisha milioni 2.72. Wakikuachia ile miezi sita aliyolipia, kinachofutwa ni milioni 12 tu. Unabaki na mauzo ya milioni 58, stahili yako ni milioni 4.96, na unarudisha milioni 1.44.

Mteja ni yuleyule na kifungu ni kilekile, lakini deni la mwisho linakaribia nusu ya lile la kati. Sasa angalia jambo moja zaidi: ile 12% ni ya kinachozidi tu, au ukivuka tageti inarudi nyuma hadi senti ya kwanza? Ikiwa inarudi nyuma, ulilipwa milioni 8.4. Mteja huyo akifutwa kabisa unarudi kwenye milioni 3.68, yaani unadaiwa milioni 4.72 kwa mkataba wa milioni 24. Karibu 20% ya thamani yake, ilhali asilimia ya juu kabisa uliyoahidiwa ni 12. Mpango wa hivyo mimi singeusaini hata mshahara wa msingi ukiwa mnono.

Muuza Mifumo
Inasema "kinachozidi", kwa hiyo hairudi nyuma. Lakini namna ya kumfuta mteja haikuandikwa popote.

Wakala wa Bima
Mimi niliuza bima ya maisha. Huko kamisheni ya mwaka wa kwanza hulipwa mapema na kwa mkupuo, mteja akiacha kulipia unarudisha. Nililijua hilo na nikalikubali. Nisilolijua ni kwamba deni halifi ukiacha kazi. Niliondoka, wateja wakakosa wa kuwafuatilia, wakaacha mmoja mmoja, na mimi nikawa naandikiwa barua za madai. Nikiwa bado kazini ilikuwa mbaya kwa namna nyingine: makato ya mwezi huu yakizidi kamisheni, salio hasi linahamia mwezi ujao. Unaanza mwezi ukiwa chini ya sifuri.

Hesabu Kwanza
Ushuhuda huo una maswali mawili ya kubeba. Makato yanaweza kugusa mshahara wa msingi, au yanaishia kwenye kamisheni? Na ukiondoka, dai linakufa au linakufuata? Msingi ndio unaolipa kodi ya nyumba. Ukiguswa na makato, haufai tena kuitwa msingi.

Mpita Njia
Mbona mnamwonea muuzaji? Wanaopaswa kurudisha ni wakubwa. Mwaka 2016 ilijulikana kwamba benki ya Wells Fargo ilikuwa imewafukuza wafanyakazi wapatao 5,300 kwa miaka kadhaa kwa akaunti ambazo wateja hawakuziomba, na baadaye bodi ikamnyang'anya mkurugenzi mkuu mamilioni ya dola.

Hesabu Kwanza
Huko ni kurudisha bonasi na hisa za viongozi baada ya kashfa, si mteja kuvunja mkataba. Ila mfano wako una faida kwa upande mwingine: tageti zilizozidi uwezo wa soko ndizo zilizowasukuma watu kufungua akaunti hewa. Kwa hiyo Muuza Mifumo, kabla ya asilimia yoyote, uliza mwaka jana wauzaji wangapi kati ya wote walifika tageti. Wakiwa wachache sana, ile 12% ni pambo la mkataba.

Kuhusu mahakama, Jasho Halirudi ana nusu ya ukweli. Sehemu nyingi sheria hulinda ujira ambao mtu ameshaustahili. Ndiyo maana mikataba iliyoandikwa na mwanasheria mjanja husema kamisheni ni malipo ya awali, na kwamba huistahili mpaka mteja amalize muda fulani. Ukisaini maneno hayo, kesi ya asubuhi inaweza kufika jioni ukiwa mikono mitupu. Sheria ya nchi yako na maneno ya mkataba wako vinasomwa pamoja.

Jasho Halirudi
Sawa, lakini mteja akiondoka kwa sababu mfumo ulizimika wiki nzima? Muuzaji ndiye aliyezima?

Mwajiri Mdogo
Hapo nakubali kimoyomoyo, lakini nani ataamua sababu? Kila muuzaji atasema ni huduma kwa wateja, na kila mtu wa huduma atasema muuzaji alidanganya. Sina hakimu wa kuajiri.

Hesabu Kwanza
Fupisha muda badala ya kutafuta hakimu. Ahadi za uongo hujitokeza mapema, mara nyingi ndani ya miezi mitatu au minne, mteja anapoanza kuutumia mfumo. Anayeondoka mwezi wa kumi, mara nyingi aliondolewa na mfumo au na bei. Au lipa nusu kwenye saini na nusu nyingine kadiri mteja anavyolipa, usiwe na cha kudai nyuma.

Mwajiri Mdogo
Nusu kwenye saini nilishaifikiria. Wauzaji wazuri wanakwenda kwa anayelipa yote.

Wakala wa Bima
Mimi leo ningechukua nusu, nilale.

Muuza Mifumo
Nimewaandikia. Wamejibu kwamba msingi hauguswi, na hesabu ya robo inapigwa upya kwa kumfuta mteja kabisa, ile ya 2.72. Nimeomba ile miezi aliyolipia ihesabiwe kwangu na muda ushuke hadi miezi sita. Kuhusu wangapi walifika tageti mwaka jana, hawajajibu.

Hesabu Kwanza
Hilo la mwisho usiliache. Waulize tena kabla ya kugusa kalamu.