Barua ya kodi imekuja kwa jina la marehemu baba: nilipe, nipinge au nianze upya?

Binti_Cherehani
Shikamooni wakubwa. Baba alifariki Januari 2025, akaniachia ofisi yake ya ushonaji hapa Morogoro, vyerehani vinne. Sasa imeletwa barua ya makadirio ya kodi ya mwaka 2024 kwa jina lake, Sh 250,000, kwa kuwa hakuna kumbukumbu za mauzo zilizowasilishwa. Lakini zipo, kaunta buku lake ninalo. Nilipe yaishe, nipinge, au nifunge TIN ya baba nifungue yangu ili barua iishie hapo?

MzeeWaSabasaba
Pole na msiba, mwanangu. Lipa. Ukianza kufuatilia, ofisi nayo itakuwa imefungwa. Wateja wa fundi hawasubiri.

Kalamu_Nyekundu
Pole sana, dada. Njia ya tatu itoe kabisa. TIN ni ya mtu, hairithiwi. Ya kwako fungua hata hivyo kwa namba yako ya NIDA, kwa sababu mauzo ya tangu uliposhika ofisi si ya baba tena. Ila deni la 2024 ni la marehemu na linalipwa kutoka mali zake kabla ya kugawana.

Kwa viwango vya 2024, mwenye mauzo yaliyozidi milioni 7 hadi milioni 11 bila kumbukumbu analipa 250,000. Mwenye kumbukumbu analipa 90,000, pamoja na 3% ya kinachozidi milioni 7. Buku linasema ngapi?

Binti_Cherehani
11,340,000, imezidi hata hiyo milioni 11. Kumbe nikilipeleka najiumiza?

Kalamu_Nyekundu
Usilipeleke bado. Tuwekee mistari michache kama alivyoandika mwenyewe.

Binti_Cherehani
"3/6 gauni kitenge 25,000, katoa 10,000." Halafu mbele: "14/6 kachukua gauni, 15,000." Mimi nilijumlisha 25,000 na 15,000.

Kalamu_Nyekundu
Ndiyo maana. Gauni la 25,000 limekuwa la 40,000. Mtu binafsi anaruhusiwa kuhesabu fedha aliyoipokea, kwa hiyo hapo ni 10,000 ya Juni 3 na 15,000 ya Juni 14, basi. Mfuate kila mteja tangu alipotoa kianzio hadi alipomaliza salio. Aliyechukua nguo na hajamalizia, hesabu alichotoa tu.

Pwani_Msa
Mimi niko Mombasa, nilirithi duka la mjomba. Kodi ya mauzo unaipeleka kila mwezi kabla ya tarehe 20, 3% ya mauzo yote. Usisubiri barua.

Kalamu_Nyekundu
Hiyo ni Kenya, ndugu yangu. Huku wa kiwango hiki analipa kwa awamu nne: mwisho wa Machi, Juni, Septemba na Desemba.

Binti_Cherehani
Nimerudia buku zima, imekuja 9,200,000. Kwa hiyo 90,000 na 66,000, jumla 156,000?

Wakili_Mtaani
Sawasawa. Pinga ndani ya siku 30, na unatanguliza theluthi tu ya makadirio, kama 83,000 hivi.

Kalamu_Nyekundu
Siku 30 ni kweli, tangu barua ilipokufikia. Theluthi siyo. Unatanguliza kodi usiyoibishia au theluthi ya makadirio, ile iliyo kubwa. Yeye mwenyewe anakubali 156,000, basi atatanguliza 156,000, na kinachogombewa ni 94,000. Sasa pingamizi litasainiwa na nani? Marehemu hasaini, na binti yake hasaini kwa kuwa ni binti tu. Anatakiwa msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama. Muhtasari wa kikao cha ukoo unakupeleka Mahakama ya Mwanzo, hauishii TRA. Kama hajateuliwa, peleka cheti cha kifo na uombe kwa maandishi kuongezewa muda, siku 30 zikiwa bado hazijaisha.

MzeeWaSabasaba
Na wakilikataa buku kwa kuwa halina risiti?

Kalamu_Nyekundu
Inawezekana, mzee. Buku peke yake ni neno la fundi. Ambatanisha miamala ya simu ya wateja waliolipa kwa njia hiyo, na risiti za uzi na zipu za mwaka huo. Tarehe zikioana na buku, afisa ana cha kushika. Siwezi kuahidi zaidi ya hapo.

Binti_Cherehani
Msimamizi ni kaka, fomu ya mahakama anayo. Ila anasema mwenye vyerehani ndiye alipe.

Kalamu_Nyekundu
Mwonyeshe mwaka ulioandikwa kwenye barua. Ya 2024 inatoka kwenye mirathi. Ya tangu uliposhika ofisi ni yako, hata kama hujapata TIN.

MzeeWaSabasaba
Kwa 94,000 bado naona unajichosha. Ila kwa kaka nenda, hilo nakubali.

Binti_Cherehani
Nakwenda kesho na buku mkononi. Sasa nguo alizoshona baba Desemba, wateja wakazilipia Februari, fedha hiyo inaandikwa kwa nani? Ziko kama kumi hivi.