Mama alikuwa na miaka 12 mwaka wa Mapinduzi: aandikwe 1951 au 1952?

Kutoka: Mama Khadija, Milton Keynes

Assalaam alaykum jamaa zangu. Naomba msaada wa hesabu. Mama yangu anatafutiwa pasipoti aje kututembelea, lakini hana cheti cha kuzaliwa. Alizaliwa nyumbani, Makunduchi, mbele ya mkunga. Tumeambiwa ipatikane hati ya kiapo kwanza, ndipo uzazi wake usajiliwe kwa kuchelewa, na kwenye kiapo lazima uandikwe mwaka. Kila akiulizwa jibu lake ni lile lile: "Mwaka wa Mapinduzi nilikuwa na miaka kumi na miwili." Kitambulisho chake kinasema 1 Januari 1952. Dada yangu mkubwa anashikilia 1951. Nani yuko sawa?

Kutoka: Baba Suleiman, Columbus

Waalaykum salaam dada. Mbona rahisi? 1964 toa 12 unapata 1952, na kitambulisho kinasema hivyo hivyo. Andikeni 1952 mmalize.

Kutoka: Mwalimu, Muscat

Bwana Suleiman, ukitoa hivyo unapata mwaka ambao mtu *anatimiza* miaka 12 ndani ya 1964. Mama hakusema alitimiza, kasema alikuwa nayo. Mtu akiwa na miaka 12 siku fulani, huenda aliitimiza jana, huenda kesho anaingia 13. Kwa hiyo kauli ya namna hii siku zote huleta miaka miwili ya kuzaliwa. Uzito wa kila mmoja unategemea tukio lilikuwa mwezi gani.

Mapinduzi yalikuwa Jumapili, 12 Januari 1964. Aliyekuwa na miaka 12 kamili siku ile amezaliwa kati ya 13 Januari 1951 na 12 Januari 1952. Hebu tazama hapo: karibu kipindi chote kimo ndani ya 1951, na 1952 imebakiwa na siku 12 tu za mwanzo. Tarehe ya kitambulisho imo ndani ya siku hizo 12, kwa hiyo haiwezi kuitwa ya uongo. Ila ninavyoona mimi, karani alitoa 12 kwenye 1964, akakosa siku na mwezi, akajaza 1 Januari.

Lakini Mama Khadija, kwanza muulize mama: anasema *siku ile* ya Mapinduzi, au *mwaka ule*? Watu wetu wakisema mwaka wa Mapinduzi, pengine wana maana ya 1964 yote hadi Desemba. Ikiwa hivyo, 1952 inarudi na nguvu zake, kwa sababu mtoto wa Juni 1952 alitimiza miaka 12 mwezi wa Juni 1964. Na muulize pia alizaliwa mwezi gani wa Kiislamu. Wazee wa kwetu mwaka huwapotea, mwezi hauwapotei.

Kutoka: Mama Njeri, Minneapolis

Asante Mwalimu, umenifungua macho. Baba yangu husema alikuwa na miaka 12 bendera ya Kenya ilipopandishwa, na sisi tumekuwa tukiandika 1951. Je, tumekosea?

Kutoka: Mwalimu, Muscat

Hamjakosea, dada. Uhuru wenu ulikuwa 12 Desemba 1963, mwisho wa mwaka, kwa hiyo kipindi chenu ni kutoka 13 Desemba 1950 hadi 12 Desemba 1951. Kwenu kutoa moja kwa moja kunapatia isipokuwa kwa wale wa siku za mwisho wa Desemba 1950. Tukio la mwisho wa mwaka halina matatizo. La Januari ndilo linalompoteza mtu, na matukio haya mawili yamepishana mwezi mmoja tu.

Kutoka: Papa Amani, Malmö

Jambo kwenu wote. Mimi nilitoka Uvira, na kwenye karatasi zangu za ukimbizi waliniandika 1 Januari. Watoto wangu watatu nao wote ni 1 Januari. Nataka kujua namna ya kubadilisha, maana shuleni wanawacheka.

Kutoka: Mama Khadija, Milton Keynes

Papa Amani, pole sana. Hilo lako ni kubadilisha tarehe ambayo serikali imeshaiandika, nadhani lifungulie barua yake wenye uzoefu wa Sweden waione.

Mwalimu, nimempigia mama. Mwezi anaujua bila kusita: amezaliwa Ramadhani, marehemu bibi alifunga siku chache tu kisha akajifungua. Kuhusu siku ile au mwaka ule, kanijibu: "Siku ile, mwanangu. Ilikuwa karibu na kufunga." Halafu akaongeza, "Nilikuwa naingia kumi na mbili, au nimeshaingia." Hapo ndipo nilipochanganyikiwa.

Kutoka: Mwalimu, Muscat

Kumbukumbu yake ni nzima. Ramadhani ya 1383 Hijria iliingia katikati ya Januari 1964, siku chache tu baada ya Mapinduzi.

Sasa tupime. Ramadhani ya 1370 ilikuwa Juni 1951 na siku chache za Julai. Ramadhani ya 1371 ilianza mwishoni mwa Mei 1952 ikaendelea Juni. Januari 1952 haikuwa na Ramadhani hata siku moja, kwa hiyo tarehe ya kitambulisho inaanguka, mwaka wowote tutakaouchukua.

Kama ni ya 1370, siku ya Mapinduzi alikuwa na 12 na alikuwa karibu kuingia 13 kwa miaka ya mwandamo. Kama ni ya 1371, alikuwa na 11 na karibu kutimiza 12 kwa hesabu hiyo hiyo ya mwandamo. Kwa maneno yake "nimeshaingia" ni 1951, na "naingia" ni 1952. Neno hili peke yake haliamui.

Kutoka: Baba Suleiman, Columbus

Nakubali nilikimbilia kutoa tu. Ila naona kama mwaka wa Hijria ni mfupi kwa siku 11 hivi, hesabu nzima ya Mwalimu inapinda?

Kutoka: Mwalimu, Muscat

Swali zuri. Kwa miaka 12 tofauti inafika kama miezi minne, na ingetupoteza kama tungekuwa tunarudi nyuma kwa idadi ya miaka bila mwezi. Hapa tumeshika Ramadhani zenyewe, zote mbili nikazitafutia tarehe, ndiyo maana haipindi. Mwandamo unaweza kusogeza siku moja, si mwaka.

Kutoka: Mama Khadija, Milton Keynes

Kuna jambo jingine. Nyuma ya msahafu wa babu pameandikwa kwa wino uzazi wa mjomba anayemfuata mama: Rajabu 1372. Mama anasema hakuna mtoto kati yao.

Kutoka: Mwalimu, Muscat

Hiyo ndiyo nguzo. Rajabu 1372 ni Machi hadi Aprili 1953. Tukimweka mama Ramadhani ya 1371, kati yake na mdogo wake ni miezi kumi ya mwandamo, yaani bibi alishika mimba arubaini haijaisha au ndiyo kwanza imeisha. Kwa watu wa wakati ule, walivyoogopa kumbemenda mtoto na walivyonyonyesha hadi miaka miwili, ni nadra, ingawa hutokea. Tukimweka Ramadhani ya 1370 wanapishana miezi 22, kama ilivyokuwa kawaida. Mimi naegemea Juni 1951. Hakikisha tu ile ni Rajabu ya uzazi, si ya akika au ya siku babu alipoandika.

Kutoka: Bi Zainab, Leicester

Mwalimu hesabu yako nimeipenda, lakini hapa ofisini wanaangalia kama karatasi zinafanana. Cheti kikisema 1951 na kitambulisho 1952, maombi ya viza yatakwama kwa maswali. Ama arekebishe kitambulisho kwanza akiwa na kiapo na nakala ya ukurasa wa msahafu, ama afuate 1952 kote.

Kutoka: Mama Khadija, Milton Keynes

Dada yangu anataka tufuate kitambulisho tusichelewe. Mama mwenyewe kasema hataki kuapa kwa tarehe asiyoiamini. Nimemwomba mjomba apige picha ule ukurasa, tuone maneno yote yaliyoandikwa kabla ya Rajabu.