Naomba ushauri: Pembe za digrii 150 na 135 katika chati yangu

Ndugu wanajukwaa, hamjambo. Nawaandikia kutoka Kisumu, nikiomba msaada wa wenye uzoefu wa unajimu.

Katika chati yangu ya kuzaliwa, Jua liko digrii 12 za Asadi na Mwezi digrii 13 za Jadi, yaani zimeachana kwa digrii 151, ambayo ni kwinkunksi ya digrii 150 yenye pengo la digrii moja tu. Asadi ni moto na imara, Jadi ni udongo na anzilishi, kwa hiyo nyota hizo hazina lugha ya pamoja. Nahisi jambo hilo kila wiki: duka langu karibu na soko la Kibuye hunitaka niwepo mwenyewe, huku mama yangu mgonjwa kule Siaya akinihitaji, na kila ratiba ninayoipanga hudumu siku chache kabla sijaibadilisha tena.

Kinachonitatiza zaidi ni Zohali, iliyo digrii 26 za Kausi. Kwa kuwa Asadi na Kausi zote ni za moto, kwa muda mrefu niliamini kwamba zinapatana, hadi nilipohesabu nikapata digrii 134 kati ya Jua na Zohali, karibu kabisa na seskwikwadreti ya 135, pembe ambayo Kepler aliitambua.

Je, pembe hiyo mnaipa pengo la digrii ngapi? Na nyota zinapokuwa za moto mmoja, msuguano wake hupungua, au hujificha tu?